Njano ya zamani haitajwi kwa macho

Kwa maoni yangu, lebo ya makumbusho inayotaja jina la rangi bila kueleza jinsi ilivyopimwa haistahili kuaminiwa. Ushahidi wangu ni rangi moja ya njano.

Tangu karne ya 14 hadi kama mwaka 1750, wachoraji wa Ulaya walitumia njano ya risasi na bati. Madini hayo mawili, yakiwa katika hali ya oksidi, yalichomwa pamoja kwa joto la kati ya nyuzi 650 na 800. Baadaye njano nyingine, ya risasi na antimoni, ikachukua nafasi yake, na ile ya kwanza ikasahaulika kabisa. Wataalamu walipoikuta kwenye picha za kale waliiita kwa majina ya njano walizozijua, kwa sababu kwa macho zinafanana mno. Mwaka 1941 Richard Jacobi, wa Taasisi ya Doerner mjini Munich, alipima sampuli za njano kutoka picha za kale akakuta bati ndani yake.

Chukua kizibao cha njano cha mwanamke anayemimina maziwa, katika picha ya mchoraji Vermeer iliyoko kwenye makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Ukielekeza mionzi ya eksirei kwenye njano ya namna hiyo, kila elementi hurudisha mionzi yenye nishati yake, na mashine huitambua bila kugusa picha. Risasi peke yake haikuambii kitu, kwani rangi nyeupe ya wakati ule nayo ilikuwa ya risasi, na ilipakwa karibu kila mahali. Kinachotafutwa ni mwenzake. Ukikuta bati, unaelekea kwenye njano ile iliyosahaulika. Ukikuta antimoni, ni nyingine. Chuma kikitawala, huenda ni udongo wa njano.

Hapo ndipo wengi husimama, nami sikubaliani nao. Mionzi hiyo hupenya tabaka zote, kwa hiyo bati linaweza kuwa limetoka kwenye rangi iliyofunikwa chini. Mhifadhi makini, akiruhusiwa, huchukua kipande kidogo kuliko kichwa cha pini, pembeni mwa ufa uliokwisha kuwepo, hukizamisha kwenye gundi ambayo hugeuka kuwa ngumu, hukisugua hadi tabaka zionekane ubavuni, kisha hukitazama kwa hadubini. Halafu hupiga mwanga wa leza kwenye punje yenyewe. Jinsi mwanga unavyotawanyika huonyesha mpangilio wa atomi, na hapo hutenganishwa hata aina mbili za njano hii: ya kawaida, na ile yenye silika inayohusiana na utengenezaji wa vioo.

Hata hivyo, bati halithibitishi kwamba picha ni ya kale. Baada ya ugunduzi wa Jacobi njano hii ilianza kutengenezwa tena, na leo inauzwa madukani. Ushahidi wenye nguvu zaidi huwa wa upande wa pili: njano ya kromu, elementi iliyogunduliwa mwaka 1797, ikikutwa ndani ya tabaka la asili la picha inayodaiwa kuwa ya 1650, dai hilo limeanguka. Ikikutwa juu ya vanishi, inaweza kuwa kiraka tu cha fundi wa baadaye.