Dagaa waliogwima, au kwa nini kitabu kigumu hakimfundishi mtoto maneno

Mtoto wa dada yangu yuko fomu wani. Jumamosi iliyopita alikuja kwangu Kirumba na riwaya ya Kiingereza yenye kurasa mia tatu na ushee, kamusi iliyochanika jalada, na kaunta buku. Agizo la shuleni: soma, kila siku andika maneno 20 mapya na maana zake. Alikaa barazani saa mbili kasoro. Nilipochungulia alikuwa ukurasa wa nne, na kaunta buku imejaa.

Nikamuuliza, "Hadithi inahusu nini?"

"Anko, bado sijafika kwenye hadithi."

Ukurasa wa nne! Watu wameshakufa kwenye kitabu hicho kufikia ukurasa wa nne. Nimekipitia, kuna maiti ukurasa wa pili. Binti ameiruka maiti kwa sababu alikuwa anatafuta neno la tisa kwenye kamusi.

Ndiyo maana leo siandiki habari za barabara kama kawaida yangu. Nina hasira na hii imani kwamba kitabu kikiwa na maneno mengi magumu ndipo mtoto anapata maneno mengi. Ni kama kumtupa mtu katikati ya ziwa ili ajue kuogelea haraka zaidi.

Wewe unayesoma hapa Kiswahili unakijua, kwa hiyo hujui anachohisi yule binti. Ngoja nikuonjeshe. Sentensi ifuatayo ina maneno 20, manne nimeyatunga mwenyewe:

Asubuhi mzee mmoja alifungua zingwa lake, akakuta dagaa wote wamegwima, akamtazama mkewe kwa mlavi, kisha akaondoka kuelekea sokoni akiwa amesodika.

Unajua maneno 16 kati ya 20, yaani asilimia 80. Sauti yake inaingia sikioni kama Kiswahili kabisa. Sasa niambie: zingwa ni nini? Gunia, ndoo, mlango? Huyo mzee ameondoka na furaha au na hasira? Hujui, na huwezi kujua, kwa sababu kila neno usilolijua unajaribu kulifumbua kwa kuegemea jingine ambalo nalo hulijui.

Sasa soma hii. Ina maneno 50, geni ni moja:

Asubuhi mzee mmoja alifungua gunia lake akakuta dagaa wote wamegwima. Mvua ya usiku ilipita kwenye tundu la paa ikalowesha gunia zima, na harufu ikaenea hadi kwa jirani. Dagaa kama hao hawauziki, hata kuku wake huwakataa. Mkewe alimwambia awamwage ziwani, lakini yeye akawaanika tena juani siku nzima akitumaini kwamba mnunuzi hatanusa.

Umeshajua kugwima ni nini. Hukufungua kamusi, na yule mzee tapeli umeshamchukia. Hiyo ndiyo asilimia 98.

Mchezo huu sikuubuni mimi. Mwaka 2000 watafiti Marcella Hu na Paul Nation, Nyuzilandi, walichukua hadithi fupi, wakabadilisha baadhi ya maneno yake kuwa ya kutunga kwa viwango tofauti, wakawapa watu wanaojifunza Kiingereza. Waliopewa asilimia 80 hakuna hata mmoja aliyeielewa vya kutosha. Kwenye asilimia 90 na 95 walielewa wachache. Kutokana na matokeo hayo wakakadiria kwamba ili watu wengi waelewe bila msaada, msomaji anahitaji kujua kama maneno 98 katika kila 100. Ukurasa wa kawaida una maneno 300, kwa hiyo mageni yasizidi sita. Si sita kwa mstari, jamani. Sita kwa ukurasa mzima.

Na shida ya kitabu kigumu haiishii kwenye kuelewa. Neno haliingii kichwani kwa kuliona mara moja, lazima ulikute tena na tena, katika sentensi tofauti, kabla hujalisahau. Sasa chukua riwaya yoyote nene: karibu nusu ya maneno yake tofauti hujitokeza mara moja tu kitabu kizima. Na hayo ya mara moja ndiyo hasa mtoto wa fomu wani asiyoyajua, maana yale yanayorudi rudi kila ukurasa ameshayazoea. Kwa hiyo kaunta buku yake imejaa maneno ambayo hatayakuta tena mpaka mwaka uishe. Anakusanya mchanga wa ziwani kwa kiganja.

Kitabu chepesi ni kinyume chake. Mtunzi wa vitabu vya ngazi, vile vilivyorahisishwa kwa wanaojifunza lugha, anafungwa na orodha ya maneno. Kuna mfululizo mmoja wa Oksfodi unaopatikana hata kwa wauza vitabu vya mitumba: ngazi ya kwanza imejengwa kwa maneno makuu 400, ya pili 700, ya tatu 1,000, ya nne 1,400, ya tano 1,800, ya sita 2,500. Kwa kuwa mtunzi hana maneno mengi ya kuchezea, analazimika kuyarudia. Neno ulilokutana nalo sura ya kwanza linakusubiri sura ya tatu na ya tano. Nation huyo huyo alikuja kukadiria mwaka 2006 kwamba riwaya ya kawaida, isiyorahisishwa, inataka ujue familia za maneno 8,000 hadi 9,000, yaani neno na vinyambuliko vyake vikihesabiwa kuwa kitu kimoja, ndipo uifikie ile asilimia 98. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili mpaka la saba mnampa hiyo wiki ya tatu ya fomu wani, halafu mnasema hana juhudi.

Basi, kipimo. Nilichukua kikombe cha maharage. Nikamwambia afungue riwaya sehemu tatu: karibu na mwanzo, katikati, na karibu na mwisho. Kila sehemu ahesabu maneno 100, majina ya watu na miji yahesabiwe kuwa yanajulikana, na kila neno asilolijua aweke harage mezani, bila kamusi. Yakatoka 14, kisha 17, kisha 11. Jumla 42 katika maneno 300, yaani anajua asilimia 86. Nikakusanya maharage, nikafunga kitabu.

Halafu nikamtolea kitabu cha ngazi ya pili nilichonunua zamani stendi. Harage 1, 2, 2. Matano katika 300! Binti akatabasamu, nami karibu nimkabidhi. Lakini hapa ndipo wengi hukosea, maana mtoto akiulizwa "unalijua?" huangalia kama amewahi kuliona. Kulijua sura si kulijua maana. Nikamwambia arudie zile sehemu tatu, safari hii anielezee kila sentensi kwa Kiswahili. Akafika penye mama mmoja, akasema, "Alikimbia nje ya sukari." Nikamuuliza sukari ina nje na ndani? Kwa Kiingereza kukimbia na nje vikikaa pamoja namna ile maana yake ni kuishiwa. Mama wa watu ameishiwa sukari, yuko jikoni ametulia, hajakimbia popote. Tukapata matatu ya namna hiyo, maneno mafupi anayoyajua moja moja lakini yakikaa pamoja yanamgeuka. Maharage yakawa 8 katika 300, karibu asilimia 2.7. Si mbaya kwa anayesoma na mwalimu pembeni, ila peke yake barazani ni mengi kidogo.

Tukashuka ngazi ya kwanza. Harage 2, 1, 1, na maelezo yake kwa Kiswahili yalinyooka. Ukurasa uliokuwa ukimchukua karibu nusu saa kwenye riwaya, hapa aliumaliza kwa dakika tatu. Akauliza kwa aibu kama si kitabu cha watoto. Nikamjibu ndiyo, na yeye ni nani?

Kuna wanaotumia kanuni ya vidole vitano: fungua ukurasa, kunja kidole kwa kila neno gumu, vikiisha kitabu ni kigumu. Ni nzuri kwa haraka ya dukani, ila angalia ukubwa wa ukurasa. Vidole vitano kwenye ukurasa wa maneno 300 ni chini ya asilimia 2, hapo uko salama. Vidole vitano kwenye kurasa zenye picha na maneno 100 ni asilimia 5, na umeshaingia kwenye tope. Maharage hayadanganyi kwa sababu yanahesabu mia.

Haya, nikubali la kukubali, kwa shingo upande. Kusoma vyepesi ni njia ya polepole. Mwaka 2003 watafiti Waring na Takaki waliwapa Wajapani wanaojifunza Kiingereza kitabu cha ngazi chenye maneno 25 yaliyobadilishwa. Baada ya miezi mitatu, mwanafunzi kwa wastani alikumbuka maana ya neno moja. Moja! Na yale waliyokutana nayo chini ya mara nane yalipotea yote. Mwenye kaunta buku atashangilia hapo. Ashangilie, lakini alisome hilo vizuri: kama neno la mara saba linapotea, lile la mara moja lililonakiliwa kutoka riwaya ngumu litakuwa wapi? Kinachotakiwa ni vitabu vingi, vya ngazi ileile, kimoja baada ya kingine, kabla maneno hayajapoa. Kitabu kimoja kwa muhula ni mapambo. Na kuandika maneno machache unayokutana nayo mara kwa mara sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni na hiyo 20 kwa siku.

Kama huna vitabu vya ngazi, hadithi ambayo mtoto ameshaisoma kwa Kiswahili husaidia sana, maana anajua mbele kuna nini. Vitabu vya la nne na la tano vya shule zinazofundisha kwa Kiingereza navyo vinafaa. Maktaba ya mkoa usiidharau.

Jumapili jioni tulipanda haisi kwenda Buzuruga kumrudisha kwa mama yake. Foleni Mabatini, konda anagombana na abiria wa chenji, binti amejikunja dirishani na kile kitabu cha ngazi ya kwanza. Tulipofika alikuwa amebakiza kurasa sita, na mlangoni akaanza kumsimulia mama yake nani kaiba nini kabla hata hajavua viatu.

Jumatatu akapeleka kaunta buku shuleni ikiwa na maneno matatu, yale yaliyojirudia zaidi. Akarudi na wino mwekundu: kazi haijakamilika. Jana usiku akanipigia simu. Tukafungua kamusi herufi M, mimi kwangu yeye kwao, tukamnakilia mwalimu wake maneno 17 mfululizo kutoka juu ya ukurasa kwenda chini. Kazi yote dakika kumi. Akaniaga haraka, kuna kitabu anamalizia.