Shangazi na Tiketi Iliyokwisha Tumika

Bendi yetu ikiwa na jambo, matangazo yote huandika binamu yangu, kwa sababu ndiye mwenye simu yenye kamera nzuri. Hiyo ndiyo sifa pekee tuliyomwajiria. Tamasha lilikuwa dogo, ukumbi wa watu 150 pale Ngong Road, Jumamosi, mlango unafunguliwa saa kumi na mbili jioni.

Tangazo la kwanza lilikuwa zuri mno: picha yetu tukitazama mbali kama watu wanaodaiwa, tarehe, mahali, na bei mbili. Mapema shilingi 800, mlangoni 1,500. Nambari ya tili ya kulipia ilisahaulika, kwa hivyo siku nzima watu wakabonyeza kopakopa na hakuna aliyelipa. Akaiongeza, pesa zikaanza kuingia. Wa kwanza kulipa alikuwa Shangazi kutoka Kayole. Marafiki zangu wa karibu walikuwa bado wananiuliza kama kuna za bure.

Jinsi tiketi zenyewe zilivyofanya kazi: ukilipa, unatumiwa picha yenye jina lako na kile kimraba cha vidoti, msimbo wa QR. Pale mlangoni simu inakisoma, inaonyesha kijani, unaingia. Ikikiona mara ya pili inaonyesha nyekundu. Haijui uso wa mtu. Kwake yeye, mwenye tiketi ni yule aliyefika kwanza.

Alhamisi ikawa zamu ya tangazo la mwisho. Binamu hakutaka kuandika tu "zimebaki chache", eti kila mtu Nairobi huandika hivyo hata akiwa hajauza moja. Akataka watu waione tiketi kwa macho. Akachukua ya Shangazi, akaibandika kwenye stetasi na Instagram: "TIKETI NI HIZI, USIPITWE!" Jina la Shangazi alilifunika kwa kopa jekundu, maana yeye ni mtu wa kulinda siri za watu. Kimraba akakiacha wazi, tena akakikuza kidogo kionekane vizuri. Chini yake akaandika masharti: tiketi moja mtu mmoja, vyakula na vinywaji vya nje marufuku, ukitoka hurudi, skrinshoti inakubalika.

Jumamosi nilisimama mlangoni na baunsa. Kijana wa kwanza, kijani. Nilimwona ana kopa jekundu kwenye tiketi nikadhani ni mapenzi. Wa tatu naye kopa, nyekundu. Msichana mmoja kopa, nyekundu, na huyo analia kwamba amemlipa mtu 500 huko WhatsApp. Baunsa akaniuliza kama hawa wote ni wa harusi moja.

Ndipo Shangazi akashuka kwenye bodaboda, kitenge kipya, kilemba kimesimama wima. Akatoa simu. Nyekundu.

"Mama, hii imeshatumika," baunsa akamwambia.

"Na nani? Mimi ndio nafika!"

"Imeingia saa kumi na mbili na dakika tano."

"Saa hiyo nilikuwa Jogoo Road kwenye foleni. Iliingiaje bila mimi?"

Tukaacha picha, tukarudi kwa M-Pesa. Ukilipa kwa tili, msimbo wa malipo ulio kwenye ujumbe wako ndio huohuo ulio kwenye orodha ya mwenye tili, na ujumbe mtu anaweza kuutunga lakini orodha yangu hawezi kuigusa. Kila mtu akasoma wake, nikautafuta, nikaukata kwa biro asije mwingine nao. Kazi ya polepole, watu wanabishana kama ni sifuri au O. Shangazi alikataa kuingia kabla mambo hayajanyooka. Akavuta kiti, akaninyang'anya biro na simu.

Yeye ni mwekahazina wa chama miaka mingi, hizo meseji anazijua. Msimbo una herufi na tarakimu 10, na tatu za mwanzo hufuata mwaka, mwezi na siku, kwa hivyo malipo ya mwezi mmoja huanza sawa. Jamaa mmoja wa kofia akasoma wake kwa kujiamini. Shangazi hata orodha hakuitazama.

"Kijana, hii ni ya mwaka jana. Ulilipia tamasha kabla bendi haijanunua ngoma?"

Jamaa akakumbuka ana shughuli nyingine Kawangware.

Foleni ilipoisha, akatokea binamu, miwani ya jua usiku, anapita moja kwa moja kuelekea jukwaani kutukaribisha. Biro ikamzuia kifuani.

"Msimbo."

"Shangazi, mimi ndiye mtangazaji."

"Tiketi moja, mtu mmoja. Nimesoma kwa stetasi yako."

Alilipa bei ya mlangoni, 1,500, na Shangazi akanirudishia simu nihakikishe zimeingia.