Nusu Mbili Zisizofanana: Kupima Bayoanuwai ya Beta Milimani

Katika vikao vya kujadili tasnifu hapa Dar es Salaam, mtafiti aliyerudi kutoka Uluguru huonyesha kwamba ploti za chini na za juu zinatofautiana kwa spishi, yaani kwa bayoanuwai ya beta, kwa kipimo cha Sørensen cha 0.5, kisha huenda moja kwa moja kwenye mapendekezo ya uhifadhi. Maoni yangu ni kwamba namba hiyo ikisimama peke yake haitoshi kujenga pendekezo lolote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Herufi a ni idadi ya spishi zinazopatikana katika ploti zote mbili, b ni zile za ploti ya chini pekee, na c ni zile za juu pekee. Kipimo cha Sørensen ni (b + c) / (2a + b + c). Katika mlima wa kwanza, ploti ya chini ina spishi 60 na ya juu ina 20, na zote 20 zimo miongoni mwa zile 60. Jibu ni 40/80, yaani 0.5. Katika mlima wa pili, kila ploti ina spishi 40, na 20 kati ya hizo zipo kotekote. Jibu ni 40/80 vilevile. Katika mlima wa kwanza spishi zinapungua tu kadiri mtu anavyopanda, na msitu wa chini pekee unabeba orodha nzima. Katika wa pili spishi zinapokezana, na ukiacha ukanda mmoja bila ulinzi umepoteza spishi 20 zisizopatikana katika ukanda mwingine.

Mwaka 2010 Andrés Baselga alipendekeza njia ya kuzitenganisha hali hizo. Sehemu ya upokezano ni namba iliyo ndogo kati ya b na c, ikigawanywa kwa jumla ya namba hiyo na a. Kinachobaki ukiitoa kwenye Sørensen ndicho sehemu ya ufumbatwaji, yaani tofauti inayotokana na kundi dogo kufumbatwa ndani ya kubwa. Mlima wa kwanza unapata 0 ya upokezano na 0.5 ya ufumbatwaji, na wa pili unapata kinyume chake. Katika R, kifurushi cha betapart hufanya kazi hiyo kwa jedwali la kuwapo na kutokuwapo kwa spishi:

```r
library(betapart)
m <- ifelse(jedwali > 0, 1, 0)
p <- beta.pair(m, index.family = "sorensen")
p$beta.sim   # upokezano
p$beta.sne   # ufumbatwaji
```

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, haimo kwenye hesabu bali kwenye vielelezo vya mimea vilivyobanwa katika magazeti. Tuseme ploti ya chini ina spishi 60, ya juu 20, na za pamoja ni 14, hivyo b ni 46 na c ni 6. Sørensen ni 0.65, upokezano 0.30, ufumbatwaji 0.35. Sasa zile 6 za juu pekee ni vichaka vya jenasi Psychotria na miche ya Impatiens, vilivyokusanywa bila maua wala matunda. Mtafiti anashindwa kuvitambua, kisha anavifuta kwenye jedwali. Sørensen inashuka kidogo tu hadi 0.62, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, lakini upokezano umekuwa 0 na tofauti yote sasa inasomeka kama ufumbatwaji. Spishi zilizofutwa ndizo hasa zilizokuwa zikiutofautisha ukanda wa juu.

Kosa la upande wa pili ni kuipa spishi moja majina mawili ya muda, moja kwa kila ploti. Spishi 4 za pamoja zikipotea hivyo, a inakuwa 10 na upokezano unapanda hadi 0.50. Dawa ni kulinganisha vielelezo vya ploti zote kwenye meza moja hebariani, kuvibakiza visivyotambuliwa kwa majina ya muda yanayofanana mlima mzima, kisha kurudia hesabu bila vyenye shaka ili kuona kama uwiano wa sehemu hizo mbili unahama.

Hata jedwali likiwa safi, ufumbatwaji wa 0.35 hauthibitishi kwamba kundi moja limo ndani ya jingine. Katika mfano huu halimo, kwa kuwa spishi 6 ziko nje. Sehemu hiyo huwa juu ya sifuri kila idadi za spishi zinapotofautiana na kukawa na spishi za pamoja. Tena haisemi ni ploti ipi maskini. Katika Uluguru, ambako misitu mingi ya chini imekatwa, maskini anaweza kuwa ploti ya chini, na sababu ikawa shoka badala ya baridi. Kwa hiyo idadi ya spishi za kila ploti iandikwe kando ya kipimo.

Mwisho, nawasihi watafiti wasiegemee kipimo kimoja cha ploti zote kwa pamoja, kile cha beta.multi. Ploti zikiwa nyingi, upokezano wake huelekea 1 karibu kila mara, na mlima wowote utaonekana wa kupokezana. Ni afadhali kuchora kila jozi ya ploti dhidi ya tofauti yao ya mwinuko kwa mita, sehemu mbili zikiwa kwenye michoro miwili, ili ionekane ni ipi inayopanda kweli kadiri mwinuko unavyoachana.